Dili ya Sh4 milioni na akaunti bado tupu: Jinsi ya kusoma mkataba wa miaka mitatu

Umeiona hiyo posti. Msee mliyemaliza naye chuo anatangaza LinkedIn kwamba kampuni yake changa imetia saini mkataba wa mamilioni. Kuna picha ya watu wakipeana mikono, kuna pongezi mia tatu chini yake, nawe uko kwa matatu Thika Road unajiuliza maisha yako yanaelekea wapi. Wiki tatu baadaye huyo huyo anakupigia simu, anaomba umsukumie elfu tano mpaka mwisho wa mwezi.

Usimwite mwongo. Mkataba upo na saini zipo. Shida ni kwamba mkataba mmoja wa miaka kadhaa huzaa namba tatu tofauti, zote za kweli, na yeye alitangaza ile kubwa kuliko zote. Ukiwa na mpango wa kufungua kampuni, au umeitwa interview ya kuuza programu, au umeahidiwa hisa badala ya mshahara mnono, hizi namba tatu zitakugusa mfukoni. Kwa hivyo tuzipige hesabu pole pole.

Tuseme wewe na wenzako wawili mmeunda programu ya kusimamia karo. Mzazi akilipa kwa M-Pesa, pesa inajipanga yenyewe kwenye jina la mwanafunzi na bursa haketi tena usiku kucha na kalamu nyekundu. Mnapata mteja mwenye shule 10 za kibinafsi. Mnatia saini Novemba, huduma inaanza Januari 1, mkataba ni wa miaka mitatu. Kila shule italipa Sh120,000 kwa mwaka. Juu ya hapo kuna Sh400,000 za mara moja tu, za kuhamisha rekodi za zamani na kuwafunza mabursa. Malipo ya kila mwaka yanaitishwa Januari, kabla ya huduma ya mwaka huo kutolewa.

Namba ya kwanza ni thamani ya mkataba mzima. Shule 10 mara Sh120,000 ni Sh1.2 milioni kwa mwaka. Kwa miaka mitatu ni Sh3.6 milioni. Ongeza zile Sh400,000 na unapata Sh4 milioni. Hii ndiyo namba ya LinkedIn. Inajumlisha kila kitu ambacho mteja ameahidi kulipa kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho, na haijali kama pesa itakuja kesho au mwaka wa tatu.

Namba ya pili ndiyo wawekezaji wanaipenda sana, na kwenye slaidi zao utaiona kwa herufi ARR. Ni mapato yanayojirudia kila mwaka. Swali lake ni rahisi: kama hakuna kitakachobadilika, wateja wako wa leo watakuletea kiasi gani kwa mwaka mmoja? Hapa zile Sh400,000 hazihesabiwi kabisa, kwa sababu hutawafunza mabursa hao hao kila mwaka. Miaka mitatu pia haiongezi chochote. Mkataba wa mwaka mmoja kwa bei hiyo na mkataba wa miaka mitano kwa bei hiyo vina mapato ya kujirudia sawa. Namba yako ni Sh1.2 milioni.

Ona vile Sh4 milioni zimepungua bila mtu yeyote kuiba.

Sasa hapa ndipo ujanja huingilia. Mapato ya kujirudia hayamo kwenye viwango vya kimataifa vya uhasibu ambavyo wahasibu wetu hapa Kenya hufuata. Hakuna mkaguzi atakayekukemea kwa kuyapiga vibaya, kila kampuni inajiandikia maana yake. Kuna mtu huchukua mapato ya mwezi mmoja mzuri na kuzidisha kwa 12. Kwa mfano wetu, Januari mmefanya mafunzo yote ya Sh400,000 na mmetoa huduma ya mwezi mmoja ya Sh100,000. Jumla ni Sh500,000. Zidisha kwa 12 na una Sh6 milioni za "kila mwaka". Namba hiyo imepita hata thamani ya mkataba wote wa miaka mitatu! Ukiona kampuni ambayo mapato yake ya mwaka yanazidi mikataba iliyo nayo mkononi, uliza kama kuna kitu cha mara moja kilichozidishwa humo ndani.

Kuna mtego mwingine wa kimyakimya, na huu ni wa kwetu hasa. Bursa mkuu atakuangalia na kuuliza, "Kijana wangu, hiyo bei ni pamoja na VAT ama?" Si swali la kupitisha muda. Huduma ya elimu imesamehewa VAT, kwa hivyo shule haiwezi kudai kurudishiwa ushuru inaolipa kwa kununua programu yako. Kwake ile asilimia 16 ni gharama kamili. Ukimjibu "ndiyo, pamoja" ili usipoteze dili, Sh1.2 milioni yako inageuka Sh1,034,483 na ile nyingine ni ya serikali. Mapato ya kujirudia hupigwa bila VAT. Kwa neno moja la heshima mbele ya bursa umepoteza zaidi ya Sh165,000 kila mwaka, mara tatu.

Tuseme ulisimama imara na bei ni bila VAT. Twende kwa namba ya tatu.

Hii ni jumla ya invoisi ulizotuma katika kipindi fulani. Novemba mlipotia saini, namba hii ilikuwa sifuri. Desemba, sifuri. Januari 5 unatengeneza invoisi kwenye eTIMS: Sh1.2 milioni za mwaka wa kwanza, Sh400,000 za mafunzo, jumla Sh1.6 milioni. Juu yake VAT ya Sh256,000. Karatasi inasema mteja alipe Sh1,856,000.

Karatasi inasema. Pesa haijasema kitu.

Shule hupata pesa zake muhula unapofunguliwa, na wazazi unawajua, wengine bado wanajitafuta baada ya Krismasi. Bursa anaanza na mishahara ya walimu, kisha chakula, kisha basi. Programu yako iko chini kwenye orodha. Tuseme atakulipa Aprili.

Lakini KRA haingoji Aprili. Kisheria, VAT inakuwa deni kwa lile tukio linalotangulia: kutoa huduma, kutuma invoisi, au kupokea pesa. Wewe invoisi imetangulia. Ripoti ya Januari pamoja na malipo yake inafika mwisho Februari 20. Kwa hivyo kampuni yenye dili ya Sh4 milioni inatakiwa kutoa Sh256,000 mfukoni, ikiwa haijalipwa hata shilingi. Unaweza kupunguza VAT uliyolipa wewe mwenyewe kwa ununuzi wako wa mwezi huo, lakini kampuni ya vijana watatu na laptopu haina ununuzi mwingi wa kupunguza. Sasa unaelewa ile simu ya elfu tano.

Na kuna watu hujiumiza zaidi. Kwa furaha ya saini wanatuma invoisi moja ya miaka yote mitatu, "tumalizane nayo." Asilimia 16 ya Sh4 milioni ni Sh640,000, na Februari 20 iko pale pale. Kama mkataba unasema malipo ni ya kila mwaka, tuma invoisi ya mwaka huo tu, mwaka huo ukifika. Tena ukiweza, jadili tarehe ya invoisi kabla ya kutia saini. Kuitisha pesa Februari 1 badala ya Januari 5 kunaweza kusogeza VAT hadi Machi 20, na Machi wazazi wengi huwa washalipa angalau nusu.

Umegundua kwamba hakuna namba kati ya hizi tatu iliyo mapato kwa macho ya mhasibu? Yeye huandika mapato kadiri huduma inavyotolewa. Kila mwezi ukiisha, Sh100,000 inakuwa yako kihalali. Zile Sh400,000 zinakuwa zako mabursa wakishafunzwa, mradi mafunzo hayo yanasimama kama kazi yake yenyewe. Kile ulichoitisha lakini hujakitolea huduma kinakaa upande wa madeni, chini ya jina la mapato yaliyoahirishwa. Jina hilo linawachanganya wengi. Ni deni kweli, maana ukifunga duka Juni, shule ina haki ya kukudai nusu mwaka.

Kutoka hapo unapata njia ya kukagua kampuni yoyote ambayo haitangazi jumla ya invoisi zake:

```
invoisi = mapato + ongezeko la mapato yaliyoahirishwa
```

Tuijaribu kwa dili yetu mwisho wa Juni. Mapato ni Sh400,000 za mafunzo na miezi sita ya Sh100,000, jumla Sh1 milioni. Mapato yaliyoahirishwa yalianza mwaka yakiwa sifuri, sasa ni Sh600,000 kwa sababu miezi sita imebaki. Jumlisha: Sh1.6 milioni. Ndiyo ile invoisi ya Januari, bila VAT. Hesabu imefunga.

Kampuni kubwa zinaishi na tofauti hii kila siku, ila kwao imeandikwa wazi. Chukua Salesforce ya Marekani, ambayo kwa kawaida huuza mikataba ya mwaka mmoja hadi mitatu na kuitisha pesa mwaka kwa mwaka. Katika mwaka wake wa fedha ulioisha Januari 31, 2024, mapato yalikuwa kama dola bilioni 34.9. Siku hiyo hiyo ilikuwa na huduma ya dola bilioni 56.9 iliyoahidiwa na wateja kwa mikataba lakini bado haijatolewa. Ndani ya hizo, kama bilioni 19 tu ndizo zilizokuwa zimeshatumiwa invoisi na kukaa kama mapato yaliyoahirishwa. Zilizobaki zilikuwa kwenye karatasi za mikataba tu. Hakuna aliyesema kampuni hiyo "imepata" bilioni 56.9. Ukisoma taarifa zake unaona pia ni kiasi gani cha hizo kinatarajiwa ndani ya miezi 12 ijayo: bilioni 27.6, chini ya nusu.

Turudi nyumbani. Mwenye shule anakuita kando, anasema: "Mimi sitaki kusumbuana kila Januari. Nitalipa usajili wa miaka yote mitatu leo, lakini nipunguzie asilimia 15." Moyo unadunda. Utasema ndiyo?

Sh3.6 milioni ukitoa asilimia 15 ni Sh3.06 milioni. Invoisi zako mwaka huu, pamoja na mafunzo, zinaruka hadi Sh3.46 milioni. Kwenye grafu utaonekana moto. Lakini mapato ya kujirudia yameshuka kutoka Sh1.2 milioni hadi Sh1.02 milioni, na kila mwezi unachuma Sh85,000 badala ya Sh100,000 kwa kazi ile ile. Halafu mwaka wa pili invoisi kwa mteja huyu ni sifuri. Mwaka wa tatu, sifuri. Mtu anayeangalia invoisi peke yake atadhani mwaka wa kwanza mlikuwa mabingwa na wa pili mkafa, ilhali wateja ni wale wale na huduma ni ile ile.

Kuna namna ya kujua kama punguzo hilo ni ghali. Bila punguzo ungepokea Sh1.2 milioni sasa, kiasi hicho tena mwakani, na tena mwaka unaofuata. Kwa punguzo unapokea Sh3.06 milioni sasa. Maana yake umeongezewa Sh1.86 milioni leo, na kwa ajili hiyo umeachilia Sh2.4 milioni za baadaye. Huo ni mkopo, hata kama hakuna benki. Riba yake, ukiipiga vizuri, ni karibu asilimia 19 kwa mwaka. Kama benki ingekupa kwa chini ya hapo, umeuza rahisi. Kama benki haingekutazama mara mbili, na kwa kampuni ya miezi minane sidhani ingekutazama, basi huenda dili ni poa. Mimi ningechukua kwa sharti moja: pesa ya mwaka wa pili na wa tatu inaingia akaunti nyingine, na kila mwezi tunajitolea Sh85,000 zetu. Ukiitumia yote kwa ofisi ya Westlands na viti vya kuzunguka, utakuwa na miezi zaidi ya ishirini ya kujibu simu za mabursa bure.

Labda wewe si mwenye kampuni. Wewe ndiye utakayeuza. Barua ya kazi inasema mshahara wa chini na "komisheni ya asilimia 5 ya dili." Asilimia 5 ya nini? Kwa dili hii moja, ikiwa ni ya thamani ya mkataba, unapata Sh200,000. Ikiwa ni ya invoisi za mwaka wa kwanza, Sh80,000. Ikiwa ni ya mapato ya kujirudia, Sh60,000. Neno moja, tofauti ya Sh140,000. Uliza pia inalipwa lini: mkataba ukitiwa saini, invoisi ikitumwa, au mteja akilipa? Na uliza kama utarudisha mteja akitoroka. Usione haya, mwajiri mzuri ana jibu tayari. Nayo kampuni ikikulipa Sh200,000 Novemba kwa pesa itakayoingia Aprili, na zingine miaka miwili mbele, jiulize mshahara wako wa Januari utatoka wapi.

Kabla hujaamini thamani ya mkataba wowote, iwe wako au wa mwajiri wako, fungua ukurasa ambao hakuna anayeusoma, ule wa kusitisha. Ukikuta kwamba mteja anaweza kutoka kwa notisi ya siku 30 bila kulipa chochote, basi huna mkataba wa miaka mitatu. Una mkataba wa mwezi mmoja unaojirefusha, na Sh4 milioni ni matumaini yaliyopigwa muhuri. Hata wahasibu, chini ya kiwango kinachoitwa IFRS 15, huhesabu tu kile kipindi ambacho pande zote mbili zimefungwa kisheria. Ajabu ni kwamba mapato ya kujirudia hayatetemeki na kipengele hicho. Yatabaki Sh1.2 milioni mpaka siku mteja atakapoondoka. Ndiyo maana haitoshi kuyataja bila kusema mteja amefungwa kwa muda gani.

Kuna kimoja cha mwisho ambacho huwashika watu katika mwaka wa tatu. Peleka mbele kalenda hadi Desemba ya mwisho ya mkataba. Thamani iliyobaki ni Sh100,000, mwezi mmoja tu. Invoisi ya mwisho ilitumwa miezi 11 iliyopita. Lakini kwenye slaidi ya mwekezaji, mapato ya kujirudia bado yanasoma Sh1.2 milioni, namba ile ile ya siku ya kwanza, mpaka Desemba 31 usiku. Januari 1, kama hakuna aliyeongea na mwenye shule, ni sifuri.

Kwa hivyo kwenye Excel yako, kando ya kila mteja na mapato yake ya mwaka, weka safu ya tarehe ya mwisho wa mkataba, na nyingine ya siku ya kuanza mazungumzo upya. Kwa shule, siku hiyo iwe mapema Septemba. Novemba bajeti ya mwaka ujao huwa imeshafungwa na shule iko kwenye mitihani.